Dakika 17 za kimya

Simu ya tatu ya zamu yangu jana usiku, kwenye laini ya kuwasikiliza watu walio katika dhiki, haikuwa na neno. Niliipokea, nikasema jina langu la zamu na kwamba nipo kusikiliza, basi. Upande wa pili, pumzi tu. (Nimebadilisha mambo madogo madogo humu ili aliyepiga asitambulike.)

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii ningesema "halo? halo? unanisikia?" sauti ikipanda kila mara, kisha ningekata. Halo za namna hiyo zinasikika kama mlango unaofungwa. Siku hizi nasema mara moja, polepole: "Huenda laini inasumbua, au huenda kuanza ni kugumu. Kama ni kugumu, hakuna haraka. Nipo." Halafu nanyamaza huku nikitazama saa, maana sekunde 10 za kimya kwenye simu hugeuka dakika nzima kichwani, na bila saa ningerukia kuongea baada ya sekunde 4. Najipa kama nusu dakika, sentensi moja fupi, nusu dakika nyingine. Kadiri muda unavyokwenda narefusha kimya, sirefushi maneno.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni kuacha adabu zetu za kawaida. Ukimuuliza mtu "habari yako?" umeshamwekea jibu mdomoni: nzuri. Asiyekuwa na habari nzuri atadanganya au atazidi kunyamaza. Na "pole"? Neno zuri, lakini pole ya nini, ilhali hajaniambia kitu? Anaweza kuhisi nimeshamwandikia kisa chake. Vilevile simwiti dada, wala kaka, wala mama. Lugha yetu inaniruhusu kusema "wewe" na "yeye" bila kujua ni nani, kwa hiyo naitumia nafasi hiyo. Hata nikisikia kama kilio sisemi "nasikia unalia". Inaweza kuwa mafua, na hata kama ni kilio, huenda hakutaka kisikike.

Dakika ya 8 nikajaribu njia ya kugonga. "Kama kusema hakuwezekani sasa, unaweza kugonga simu kwa kidole. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Na kama hutaki, si lazima." Niliacha kimya kirefu. Kisha, tk.

Ninaipenda njia hii na ninaiogopa. Uingereza anayepiga namba ya dharura, 999, kwa simu ya mkononi bila kuweza kusema anaweza kuombwa abonyeze 55, na hapo maana ni moja tu: hii ni dharura ya kweli. Kugonga kwetu hakuna maana moja. Ni mimi ninayechagua maswali, na nikichagua vibaya jibu halinisaidii. Jana nilianza vizuri: uko peke yako hapo ulipo? Tk. Kuna mtu anayekutisha? Tk, tk. Halafu nikaharibu: "Umejiumiza, au unafikiria kujiumiza?" Tk.

Tk ipi, sasa? Maswali mawili niliyafunga mzigo mmoja. Nikamwambia wazi kwamba nimeuliza vibaya, nikayatenganisha. Umejiumiza usiku huu? Tk, tk. Unafikiria kujiua? Neno lenyewe nililitaja, sikulizungusha. Kulitaja hakumpandikizii mtu wazo hilo, ila kukwepa kunamwonyesha kwamba naliogopa. Kimya cha sekunde 40 na zaidi. Tk.

"Asante kwa kunijibu. Sikati simu." Nikauliza kama ana mpango wa kufanya hivyo usiku huu. Tk, tk. Hapo nikamwashiria msimamizi wa zamu kwa mkono, maana mtu mmoja hapaswi kubeba kugonga kama huko peke yake, na hapana ya kidole si kitu cha kulalia usingizi.

Si kila kimya kiko hivi. Wapo wanaocheza, wapo watoto, zipo simu zilizojipiga mfukoni. Ikiwa hakuna dalili yoyote kwa muda mrefu nasema kabla ya kukata: "Baada ya dakika moja nitaiachia laini. Ukipiga tena, hata ukinyamaza tena, tutapokea." Nimewahi kukata bila kusema hivyo na mpaka leo sijui nilimkatia nani.

Jana niliacha maswali baada ya lile la mpango. Maswali ya ndiyo na hapana yakizidi huwa mahojiano. Nikasema tu, "Ukitaka kujaribu, neno lolote litatosha. Hata kama si lile kubwa." Nikaweka mikono mezani nisije nikashika kalamu.

Dakika ya 17 sauti ikatoka, kavu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Sijui nianzie wapi."

"Anzia popote," nikasema. "Hata leo asubuhi."

Akaanzia leo asubuhi.