Picha ya mkorosho isiyo na maneno

Nauza pembejeo Newala. Wakulima hunitumia picha tupu, nami nilikuwa nauliza, "Shida nini?" Wengi walijibu tu, "Naomba dawa."

Sasa picha ikionekana vizuri, naanza kueleza ninachokiona. Juzi niliandika: "Shikamoo mzee. Naona shada la maua lina unga mweupe, nadhani ubwiri unga." Akajibu upesi: "Marahaba. Huo unga ni salfa niliyopuliza jana. Tazama kichipukizi cha nyuma." Nikakuza picha: madoa meusi, ncha imekauka. Dalili za mbu wa mikorosho, na salfa haimuui, anahitaji kiuadudu. Swali langu la zamani lisingemfikisha kwenye kile kichipukizi.

Picha isipoonekana vizuri sielezi, naomba nyingine.