Nilivyojifunza kutofautisha uchovu na uvivu nikiwa napunguza mwili

Nilianza kupunguza mwili nikiwa na kilo 88. Kila siku nilikula kalori 500 hivi chini ya zile ambazo mwili wangu unatumia, na nikaendelea kunyanyua vyuma siku nne kwa wiki kama nilivyozoea. Wiki sita za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mizani ilikuwa inashuka, na skwati ya kilo 100, yaani kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa mabegani, niliendelea kuipiga seti nne za marudio sita bila kupoteza hata rudio moja.

Wiki ya saba nikaanza kuchukia kwenda jimu. Nilikuwa nakaa kitandani nimeshika viatu mkononi, dakika ishirini zinapita. Nikajiambia ni uvivu, na dawa ya uvivu niliyolelewa nayo ni moja tu: ongeza kazi. Nikaongeza nusu saa ya kukimbia mara tatu kwa wiki, na kwa kuwa mizani nayo ilikuwa imesimama, nikapunguza kalori nyingine 200. Wiki ya nane skwati ikawa 6, 5, 4, 4. Wiki ya tisa, uzito uleule, ikawa 4, 3, 3, na seti ya nne sikuifanya. Usiku nilikuwa naamka saa tisa na usingizi haurudi.

Rafiki yangu mmoja aliyenitangulia miaka mingi kwenye vyuma alipoliangalia daftari langu hakuniuliza kama nina bidii. Aliniuliza, "Ndugu yangu, hivi benchi na dedilifti nazo zimeshuka?" Benchi, yaani kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali, na dedilifti, yaani kukiinua kutoka sakafuni, zilikuwa zimeshuka zote. Akasema uvivu hauwezi kukupunguzia marudio ambayo umeshaamua kuyafanya na umekaza meno kuyatafuta. Uvivu unakuzuia kuanza. Ukishaanza, nguvu zipo palepale.

Maneno hayo ndiyo niliyoyageuza kuwa kipimo, na mpaka leo nakitumia. Siku nisiyojisikia, siamui nikiwa nyumbani. Naenda, napasha misuli moto kama kawaida: chuma kitupu cha kilo 20, kisha kilo 60 mara tano, kilo 80 mara tatu, kilo 90 mara moja. Kilo 80 ndiyo inayonipa jibu. Nikiwa mzima, chuma kinapanda haraka na hata sikifikirii. Nikiwa nimechoka kweli, kilo 80 inapanda polepole kama vile ni 95, na miguu inakuwa mizito tangu rudio la kwanza. Baada ya hapo nafanya seti moja ya kazi. Marudio yakifika yale ya juma lililopita, au yakipungua moja tu, namaliza zoezi lote, kwa sababu kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa mwilini.

Imenitokea. Jumanne moja nilijiburuta kwenda nikiwa na hakika kwamba nimeisha kabisa, na skwati ikatoka 6, 6, 6, 6. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa saba na nusu, mapigo ya moyo asubuhi yalikuwa 58 kama siku zote. Ule ulikuwa uvivu, na dakika kumi na tano za kupasha misuli ziliumaliza.

Lakini siku moja mbaya haihesabiki upande wa pili pia. Unaweza kuwa umelala vibaya jana au umekula kidogo mno kabla ya zoezi. Mimi naita uchovu pale marudio yanapopungua mawili au zaidi kwa uzito uleule, katika siku mbili za mazoezi zinazofuatana, na katika zaidi ya aina moja ya zoezi. Ikiwa benchi peke yake ndiyo imeshuka, natafuta tatizo begani kwanza. Pamoja na hilo naangalia mapigo ya moyo ninapoamka, kabla sijatoka kitandani. Wiki ile ya tisa yalikuwa yamepanda kutoka 58 hadi 66, na yakabaki huko siku tano mfululizo. Dalili nyingine niliyoipuuza ni kwamba hata vitu ninavyovipenda vilikuwa vimenichosha. Mvivu wa mazoezi bado ana hamu ya kutoka na marafiki. Mimi sikuwa na hamu ya lolote, na bila kujua nilikuwa nimeanza kukaa zaidi na kutembea kidogo. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu mizani ilisimama, maana mwili unaokula kidogo hupunguza matumizi kimyakimya.

Basi nikafanya wiki nyepesi. Siku zangu nne za jimu zilibaki nne, ila kila zoezi la seti nne likawa seti mbili. Skwati nikaishusha hadi kilo 90, marudio manne, na kila seti niliiacha nikiwa bado na marudio mengine manne au matano mfukoni. Mbio nilizoziongeza nikaziacha zote. Watu wengi hukosea hapa kwa kushusha uzito mpaka nusu na kurundika marudio ishirini ishirini. Ukiwa unakula kidogo, uzito mzito ndio unaouambia mwili kwamba misuli hii bado inahitajika. Kinachozaa uchovu mwingi ni wingi wa seti na kufika mpaka kushindwa. Kwa hiyo punguza seti kwanza, uzito uguse kidogo tu.

Chakula ndicho kilichonipa hofu. Wiki ile nilipandisha kalori mpaka kiasi ambacho mwili unatumia, na karibu nyongeza yote ikawa wanga. Protini niliiacha palepale, gramu 2 hivi kwa kila kilo ya mwili. Siku ya nne mizani ikaruka kutoka kilo 82.3 hadi 83.5. Nilikaribia kuacha. Kilichonizuia ni hesabu: kujenga kilo moja ya mafuta kunahitaji ziada ya kalori 7,000 na zaidi, na mimi sikuwa na ziada yoyote. Ulikuwa wanga unaorudi kuhifadhiwa kwenye misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hubeba gramu tatu hivi za maji. Wiki iliyofuata, niliporudi kula kalori 500 chini, mizani ikasoma 82.0.

Usingizi ulirudi siku ya tano. Mapigo yakashuka hadi 59. Jumatatu ya wiki mpya nikaweka kilo 100 na kupata 6, 6, 5, 5, na wiki iliyofuata 6 zote nne.

Nilibadilisha mambo mawili baada ya hapo. Nilipokuwa nakula kushiba niliweza kwenda wiki nane au tisa bila kupumzisha mwili. Nikiwa napunguza, sasa nafanya wiki nyepesi kila baada ya wiki tano, hata kama bado najisikia vizuri. Na wiki za kawaida nimezishusha kutoka seti nne hadi tatu, kwani mwili unaokula pungufu hauna akiba ya kulipia ile ya nne.

Wiki nyepesi hairekebishi kila kitu. Mara moja niliifanya huku nikilala saa tano kwa siku kwa sababu ya kazi, na nikatoka nimechoka vilevile. Na kama umepunguza seti, umeongeza chakula, umelala, na baada ya wiki mbili uchovu haujabanduka, au unapata kizunguzungu ukisimama, au ni mwanamke na hedhi imekoma, nenda kwa daktari ukapimwe, pamoja na damu na madini ya chuma, kabla hujagusa tena ratiba ya mazoezi.