Madumu 39 yaliyopotea bila kuibiwa

Januari 2022 stoo yetu ilipungukiwa madumu 39 ya mafuta ya kula, na hakuna aliyeiba. Nilihesabu mara mbili na mara ya tatu kaka yangu akahesabu mwenyewe. Duka letu liko Kirumba jijini Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, na wateja wetu wakubwa ni wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa kwenye kambi za wavuvi Ukerewe na Ukara. Kanuni yetu ilikuwa moja tu: stoo isikae chini ya madumu 120 ya lita 20, maana mteja akishuka mwaloni akakuta huna, anahamia kwa jirani na pengine harudi tena.

Ajabu ni kwamba tulikuwa tumetoka kufunga hesabu za mwaka mzuri kuliko yote. Daftari lilisema faida ya 2021 ni milioni 18.9, wakati 2020 ilikuwa milioni 15. Faida yote tukaitoa: nyingine ilikuwa imeshakwenda kwenye matumizi ya nyumbani mwaka mzima, na iliyobaki ikaingia kwenye msingi wa nyumba Buswelu. Mtaji hatukuugusa, ndivyo tulivyoamini. Lakini nilipokwenda kujaza stoo upya, fedha iliyobaki ilitosha madumu 81 tu.

"Mdogo wangu, hela imekwenda wapi?" kaka akaniuliza. Sikuwa na jibu. Tukachukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla ili kuziba pengo, na kwa miezi kadhaa tukaishi na deni ambalo hatukuelewa limetoka wapi.

Jibu nililipata kwenye risiti za manunuzi. Mwanzoni mwa 2021 dumu moja nilikuwa nalinunua kwa 62,000. Desemba likawa 92,000. Madumu 120 yaliyokuwa na thamani ya milioni 7.44 Januari yakawa na thamani ya milioni 11.04 Desemba. Tofauti ni milioni 3.6, na yote ilikuwa imeingia kwenye daftari kama faida, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nauza kwa bei mpya mzigo nilioununua kwa bei ya zamani. Ukiigawa milioni 3.6 kwa 92,000 unapata madumu 39. Hiyo fedha haikuwa ya kula. Ilikuwa ya kurudisha dumu lilelile mahali pake, na sisi tukaimwaga Buswelu kwenye zege.

Tangu hapo, kila Desemba 31 naandika bei ya kununulia dumu siku hiyo. Kwenye faida ya mwaka natoa kupanda kwa bei ya dumu mara madumu 120. Bei ikishuka, naongeza. Hili la pili wengi hulisahau, na sisi lilitaka kutuponza. Mwaka 2023 bei ilitoka 84,000 ikaishia 70,000, daftari likaonyesha faida ya milioni 14.6, ndogo kuliko miaka yote mitano. Kaka akataka tumpunguze kijana wetu wa dukani. Nilipofanya hesabu ya dumu, ilibidi niongeze milioni 1.68, kwa kuwa tulikuwa tumeuza kwa bei ya kushuka mzigo ulionunuliwa ghali. Biashara yenyewe, yaani pengo kati ya bei ya kuuzia na bei ya kujazia stoo, ilikuwa imeleta karibu milioni 16.3. Kijana akabaki.

Baada ya marekebisho hayo, faida zetu za 2020 hadi 2024 zikawa milioni 14.5, 15.3, 16.4, 16.3 na 16.8. Ukiacha kuteleza kidogo 2023, unaona zinavyopanda ngazi. Kaka alifurahi sana, na mimi nikamwomba asubiri, kwa sababu bado tulikuwa tunalinganisha shilingi za miaka tofauti kana kwamba ni shilingi moja.

Hapa dumu halisaidii. Faida halali tunapeleka nyumbani, na nyumbani hatuli mafuta peke yake: kuna unga, nauli, kodi ya nyumba, ada, sabuni. Kwa hiyo nilitumia fahirisi za bei zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambazo mwaka wake wa kizio ni 2020, yaani bei za mwaka huo zinahesabiwa kuwa 100. Mfumuko wa bei kwa wastani wa mwaka ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Nilianza na 100 ya mwaka 2020, nikazidisha kwa 1.037, jibu nikalizidisha kwa 1.043, na kuendelea hivyo hadi 2024. Nikafika 115.7. Kaka alikuwa amejumlisha tu asilimia zile nne akapata 14.9. Tofauti ni ndogo kwa bei zetu, lakini kila mwaka bei hupanda juu ya bei zilizokwisha kupanda, na mfumuko ukiwa mkubwa kosa hilo nalo hukua.

Nilichukua wastani wa mwaka, si takwimu ya Desemba, kwa sababu faida hatuipati siku moja. Inaingia kidogo kidogo toka Januari.

Kisha kila faida nikaizidisha kwa 115.7 na kuigawa kwa fahirisi ya mwaka wake, ili zote ziwe shilingi za 2024. Milioni 14.5 za mwaka 2020 zikawa milioni 16.8. Na za 2024? Milioni 16.8. Miaka ya katikati ilipanda kidogo, 2022 ikafika milioni 17.5, halafu tukarudi palepale. Kwa daftari tulikuwa tumekua kutoka milioni 15 hadi 17.3. Kwa kile faida inachoweza kununua, tulikuwa tumesimama. Na mwaka wetu bora haukuwa 2021 tuliousherehekea, ulikuwa 2022, uleule tuliouanza na deni la mali kauli.

Hesabu hii ina mipaka yake. Madumu 120 ni makadirio ya stoo ya kawaida, na sukari na sabuni sikuzirekebisha kwa kuwa bei zake kwangu hazikuruka hivyo. Fahirisi nayo ni ya nchi nzima, si ya Kirumba. Nikibadilisha makadirio hayo kidogo, faida za 2020 na 2024 zinapishana kwa laki chache, ila picha haigeuki.

Kilichoniuma zaidi nilikiona nilipoipitisha safu ya mishahara kwenye hesabu ileile. Kijana wetu alikuwa analipwa 200,000 mwaka 2020 na 200,000 mwaka 2024. Ili aweze kununua alichokuwa ananunua alipoanza, alihitaji 231,400. Kwa mwaka mzima wa 2024 upungufu wake ni 376,800, na fedha hiyo imo ndani ya zile milioni 16.8 tulizoziita faida yetu. Nilimwonyesha kaka karatasi. Akaisoma kimya, akaomba kalamu, akaandika 235,000 kuanzia Januari 2025.