Stopa ya bawaba iliniharibia mlango, ya sakafuni ndo imenisaidia

Kila ukiuliza habari ya mlango unaogonga ukuta utaambiwa "weka ile stopa ya kwenye bawaba, dakika moja tu na hutoboi kitu". Na kweli kuiweka ni rahisi, unagonga pini ya bawaba kutokea chini mpaka itoke, unaivisha kile kidude, unairudisha. Ila mlango wangu ni wa chumbani wa kawaida, plaiwudi nyembamba pande mbili na katikati uwazi mtupu, na watoto wa humu ndani hawafungui mlango, wanauvamia.

Kile kidude kina vimikono viwili vyenye mpira, kimoja kinaegemea mlango, kingine fremu. Cha kwenye mlango kinagusa kama sm 6 tu kutoka kwenye pini, wakati mkono wa mlango uko sm 74 kutoka hapohapo. Piga hesabu mwenyewe: mtu akisukuma pale mkononi kwa nguvu ya kilo 10, kile kimpira kinabeba kama kilo 120! Kwanza nikaona alama ya duara kwenye rangi. Duara likawa kishimo, kishimo kikawa tundu, mwisho plaiwudi ikapasuka na mpira ukazama ndani kama kidole kwenye tope. Na bado, maana nguvu ileile inavuta na skrubu za bawaba, zikaanza kulegea kwenye fremu. Kilichonishtua ni kitasa, ulimi wake ukawa haulengi tundu lake mpaka unyanyue mlango kidogo. Ukiona hivyo usikimbilie kuchonga fremu, shika mlango upande wa kitasa uupandishe na kuushusha, ukicheza ujue ni bawaba.

Nikamwonyesha jamaa aliyenishauri. "Sasa si ungeweka na ya pili kwenye bawaba ya chini?" Nikamuaga tu.

Ile ya ukutani nayo niliijaribu, kile kibati cha mpira cha kubandika pale mkono unapogonga. Gundi ilishika vizuri sana, ilishika rangi, siku ilipobanduka ikaondoka nayo. Ukiamua ya ukutani piga fisha na skrubu, na ukuta uwe wa tofali, kwenye jipsamu tupu bila mbao nyuma utakuwa unatengeneza tundu jipya.

Nikaenda kwenye ya sakafuni, ambayo wote walinitisha eti mtajikwaa. Mtajikwaa mkiiweka hovyo! Mkono wa mlango wangu unatokeza sm 6. Nikachukua sponji ya vyombo, nikaikunja ikawa nene kama sm 2, nikaibandika kwa selotepu ukutani palepale mkono unapogonga, nikafungua mlango taratibu mpaka ukaigusa bila kuiminya. Hapo nikapiga mstari wa penseli sakafuni kufuata uso wa mlango ule wa upande wa ukuta. Kutoka kwenye mstari hadi ukutani ni sm 8, na kitako cha stopa kina upana wa sm 4, yaani inakaa yote nyuma ya mlango, kwenye kaeneo ambako hakuna mguu unaopita. Kwa urefu niliiweka sm 68 kutoka bawaba, karibu na ukingo, kwa hiyo ile hesabu ya mara 12 haipo tena, inapokea karibu nguvu ileile ya mtu anayesukuma.

Kabla ya kutoboa nikaupaka mpira chaki, nikaishikilia stopa kwenye mstari, nikausogeza mlango ukaigusa. Alama ikatokea chini kabisa, nusu yake. Kumbe mlango wangu umeinuka kutoka sakafuni kuliko kawaida na nusu ya mpira inapita chini yake. Nikairudisha dukani nikachukua ndefu zaidi, tofauti ya bei ni ya soda. Ingekuwa nimeshatoboa taili ningelia.

Taili nayo ina adabu zake. Weka selotepu ya karatasi juu ya alama ili biti isiteleze, tumia biti ya taili, drili polepole na hama ya drili umeizima kabisa mpaka upite taili, matone ya maji yawepo biti isiungue. Ukifika kwenye zege ndo uwashe hama kwa biti ya zege. Na kama bomba za maji zinapita chini ya sakafu hapo usitoboe, tafuta ile ya fimbo inayofungwa kwenye skatingi, mradi iwe ndefu kuzidi mkono wa mlango unavyotokeza.

Ya bawaba sijaitupa, nimeihamishia kwenye mlango wa stoo, wa mbao nzima na unafunguliwa kwa nadra, huko imetulia. Tundu la kwenye plaiwudi nimeziba kwa puti na kupiga msasa. Skrubu za bawaba nimeweka ndefu zaidi zikaingia kwenye mbao ambayo haijaliwa, kitasa kinajifunga chenyewe sasa.