Herufi 159

Jana usiku binti yangu alinipigia kutoka Sinza. Mwenzake wa kazini amefiwa na baba, na alikuwa ameandika na kufuta tangu magharibi. "Mama, naandika nini? Kila nikiweka salamu za rambirambi naona kama barua ya serikali." Nilimwambia asitume kwanza. Baada ya kukata simu nikakumbuka yule kaka wa dirisha la tatu kazini kwetu, mwaka 2009, na ile siku ya msiba wa Tandika.

Habari ilifika saa nne asubuhi. Maziko yalikuwa siku ileile baada ya sala ya alasiri, na mimi nisingeweza kuondoka dirishani kabla ya kufunga hesabu, kwa hiyo neno langu lilitakiwa kutangulia kabla yangu. Wakati wa chakula nilikaa nyuma ya kabati la mafaili na simu ya vitufe, ile ambayo ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidisha, unakatwa vipande viwili, na kwa simu za wakati ule kipande cha pili kiliweza kufika mbele ya cha kwanza.

Nilianza kama tulivyozoea wote: "Kaka, pokea salamu zangu za rambirambi kufuatia kifo cha mama yako mdogo. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Ukihitaji chochote usisite kunijulisha." Ulishavuka 160. Nikaanza kufuta.

Neno la kwanza kulitoa lilikuwa "mdogo". Aliyefariki alikuwa mdogo wake mama yake mzazi, ndiyo, lakini ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Katika miaka yote tuliyokaa dirisha kwa dirisha sikuwahi kumsikia akisema "mama mdogo". Alisema "mama". Mimi nililijua neno "mdogo" kwa sababu nilishika daftari la mfuko wa kusaidiana, na kanuni za mfuko zilitaja mzazi, mwenza na mtoto basi. Asubuhi ile mhasibu mmoja alishauliza, "Ni mama mzazi au mama mdogo?", akimaanisha pesa zinatoka au hazitoki. Swali hilo ni la daftari. Kuliingiza kwenye pole ni kumwambia mfiwa kwamba tumeupima msiba wake tukauona wa daraja la pili. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufutia, nikalifuta herufi moja moja, kisha nikafuta na "yako", likabaki "mama" peke yake, kama alivyomwita yeye.

Baada ya hapo mengine yalijiondokea. "Kifo cha" ni maneno ya cheti. Kwa mtu unayefanya naye kazi, "kuondokewa na" inatosha na haimchomi machoni. "Marehemu" nayo niliiacha, kwa sababu ni neno analolikubali mfiwa baada ya siku kadhaa, na saa sita mchana, mwili ukiwa bado haujatoka nyumbani, ni mapema mno kuwa sisi wa kwanza kumwita hivyo. Kuhusu dua, mimi ni wa kanisani na wao ni Waislamu. "Mungu amrehemu" husemwa pande zote mbili bila mtu kusikika ameazima.

Kisha "ukihitaji chochote". Maneno haya huyasemi kwa ubaya, lakini yanampa mfiwa kazi: afikirie anahitaji nini, apime kama wewe unaweza, kisha aombe. Nani ataomba huku anatafuta sanda na turubai? Nikajiuliza mimi mwenyewe ni kipi hasa ninachoweza kukifanya. Ilikuwa Jumanne, na foleni ya dirisha lake ningeweza kuibeba hadi Ijumaa. Basi niseme hilo, na siku nizitaje, ili aondoe kazini mawazo yake.

Palikuwa na jambo moja lililomhusu mama mwenyewe. Siku za Ijumaa alikuwa akimpa mwanawe kopo la vitumbua atuletee, bado vina joto, vina hiliki ya kutosha. Maneno matatu tu nikayaweka. Bila hayo, ujumbe ule ungeweza kutumwa kwa mtu yeyote aliyefiwa na yeyote.

Nikaongeza "usijibu", maana siku ya maziko simu inalia kutwa na mtu mwenye adabu hujiona ana deni kwa kila aliyemwandikia. Na "poleni" nikaiweka mwishoni, pamoja na "pole" ya mwanzo: ya kwanza ni yake, ya pili ni ya nyumba nzima. Mwishoni nikajitaja, kwa sababu kwenye msiba simu ya mfiwa haikai mkononi mwake. Anaishika shemeji au mpwa, anasoma na kumweleza kwa sauti, na namba yako huenda haina jina. Kwa sababu hiyohiyo sikuweka neno lolote la pesa. Michango ina njia yake, kwa mkono na kwenye daftari la msibani.

Ukawa hivi:

"Kaka, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nakumbuka vitumbua vyake. Mungu amrehemu. Dirisha lako nalishika hadi Ijumaa, usijibu. Poleni nyote. Mimi, dirisha la 2"

Herufi 159. Nikatuma.

Jioni nilishuka daladala Tandika nikafuata viti vya plastiki hadi uwanjani kwao. Kijana aliyekuwa na simu mbili mkononi alinitazama nilipojitambulisha. "Kumbe ndiwe wa dirisha la pili?" Hakuongeza kitu, akanipeleka ndani kwa kina mama. Kaka mwenyewe nilimwona kwa mbali, ameinama. Mfuko haukutoa kitu. Tulizungusha bahasha wenyewe. Alirudi kazini Jumatatu na ujumbe wangu hakuutaja, si siku ile wala baadaye. Sikuuliza kama aliusoma mwenyewe au alisomewa, na mpaka leo sijui kama vile vitumbua vilimfariji au vilimuumiza zaidi. Huwa nalifikiria hilo.

Haya nilimwambia binti yangu leo asubuhi, kwa ufupi. Akasema, "Lakini mimi baba yake sikumjua, sina vitumbua." Basi usivitunge, nikamwambia. Unamjua mwenzako: umemwona akifanya nini kuhusu baba yake? Akanyamaza kidogo. "Kila saa kumi na moja anatoka kwenye kibaraza kumpigia simu. Anamsomea matokeo ya mpira." Hilo hapo. Akaandika: "Pole sana dada. Sikubahatika kumwona baba, ila nilikuwa nakuona kibarazani kila saa kumi na moja ukimsomea matokeo."

Kabla hajatuma nikamuuliza kama ana hakika ni baba huyohuyo, au ni baba mkubwa, kwa kuwa kwetu wote ni baba na anayeleta habari ya msiba hasemi ni yupi. Hakuwa na hakika. Amemwandikia mwenzao mwingine wa ofisini kuuliza, na mpaka naandika hapa hajajibiwa.