Kuwasalimu wazee wa Kijerumani: lini rasmi, lini kirafiki

Nilipoanza mafunzo ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, salamu zenyewe nilikuwa nimeshazikariri darasani. Nilijua kwamba asubuhi husemwa Guten Morgen, mchana Guten Tag, jioni kuanzia kama saa kumi na mbili Guten Abend, na kwamba Hallo ni ya watu waliozoeana. Mgawanyo huo si wa uongo, lakini kazini haukunifikisha mbali, kwa sababu niliwasikia wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi wakimwambia mzee wa miaka tisini Hallo, naye akafurahi, na hakuna aliyeona kwamba amevunjiwa heshima.

Ilinibidi nisikilize sentensi nzima, si neno la kwanza tu. Kijerumani kina namna mbili za kumwita mtu unayezungumza naye: du, ambayo ni ya ndugu, marafiki, watoto na wenzako wa karibu, na Sie, ambayo ni ya mtu mzima yeyote ambaye hamjakubaliana kuitana kirafiki. Sie huandamana na Frau kwa mwanamke au Herr kwa mwanamume, pamoja na jina la ukoo, na kitenzi nacho hubadilika. Tuseme mkazi anaitwa Schneider, jina la kawaida sana huko. Ukiingia chumbani kwake na kusema „Hallo, Frau Schneider, haben Sie gut geschlafen?“, yaani kumuuliza kama amelala vizuri, umemheshimu kikamilifu ijapokuwa umeanza na Hallo. Ukisema „Guten Morgen, Inge, hast du gut geschlafen?“, umeanza kwa salamu rasmi, lakini umemwita kwa jina lake la kwanza na kumwambia du bila idhini yake, na mzee wa kizazi hicho atahisi kwamba amefanywa mtoto. Heshima, basi, hubebwa zaidi na jina na kitenzi kuliko na salamu inayotangulia.

Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo, jambo gumu zaidi ni kuacha kupima umri. Kwetu kijana humwamkia mkubwa wake hata kama wanaishi nyumba moja na wanataniana kila siku. Kwa Wajerumani kipimo kikuu ni ukaribu. Karani wa miaka ishirini na mitano katika ofisi ya wageni ni Sie, kwa kuwa hatufahamiani, ilhali muuguzi mwenzangu aliyekaribia kustaafu ni du, kwa kuwa tunafanya kazi kikosi kimoja na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa hiyo. Hata kijana wa shule huanza kuambiwa Sie na wageni akifika miaka 16 hivi. Umri haukosi nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ya kuamua nani ana haki ya kupendekeza du: ni mkubwa kwa umri au, kazini, mwenye cheo. Mwanafunzi husubiri. Msimamizi wangu alipotamka jina lake la kwanza na kusema kwamba tunaweza kuitana du, jibu lililotakiwa lilikuwa fupi: „Gerne“, yaani kwa furaha, kisha nikataja jina langu. Tangu hapo sikurudi kwenye Sie, maana anayerudi nyuma huonekana amekasirika au anataka kujitenga.

Zamu moja ya asubuhi yatosha kuonyesha jinsi mambo haya yanavyobadilika kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Katika makabidhiano ya zamu tunasalimiana Moin, salamu ya kaskazini inayotumika saa zote, hata usiku, na wote ni du. Wengine husema „Na?“ tu, kama kusema vipi, na huyo aliyeulizwa hujibu „Na?“, jambo linalomchekesha Mswahili yeyote anayelisikia mara ya kwanza. Dakika chache baadaye nabisha mlango wa mkazi, nasubiri kidogo, ndipo naingia na kusema „Guten Morgen, Frau Schneider“. Kubisha kwenyewe ni sehemu ya salamu, kama hodi, kwa sababu chumba kile ndicho nyumba yake. Daktari akija kuwatembelea wagonjwa, ni Guten Morgen na jina lake pamoja na Sie, hata akiwa kijana mcheshi. Binti wa mkazi akinisalimu „Hallo“ kwenye ukumbi, nami namjibu „Hallo“, lakini nabaki kwenye Sie, kwani Hallo yake haikunipa du. Simu ya kitengo ikilia, natangulia kutaja jina la nyumba na jina langu la ukoo, kisha „Guten Tag“.

Njia niliyoitumia kujua kiwango cha kila mtu ilikuwa kumwachia yeye anisalimu kwanza ilipowezekana, kisha kumjibu kwa kiwango kile kile. Ilipobidi nianze mimi, nilichagua Guten Tag na Sie, kwa kuwa kushuka kutoka urasmi kwenda urafiki ni rahisi kuliko kupanda. Na niliposahau kabisa kama na mtu fulani tulishakubaliana du, niliunda sentensi isiyohitaji kumtaja: badala ya kuuliza kama yeye amelala vizuri, niliuliza „Wie war die Nacht?“, usiku ulikuwaje. Jibu lake kwa kawaida lilinionyesha tulipo.

Kuna wakazi ambao kwao kanuni ya Sie na jina la ukoo hupindwa. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza asiitikie jina la ndoa, akageuka mara moja akisikia jina la ukoo alilozaliwa nalo au jina lake la kwanza. Hapo uamuzi si wa muuguzi mmoja kwa hisia zake. Tunazungumza na familia, tunakubaliana, kisha tunaandika katika kumbukumbu za huduma jinsi mkazi huyo anavyotaka kuitwa, ili zamu zote zifuate. Ambapo hakuna maandishi, ni Sie na jina la ukoo.

Jambo jingine lililonidai mazoezi ni ufupi. Salamu zetu huenda mbali: za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Mjerumani akishasema Guten Tag amemaliza, naye huingia moja kwa moja kwenye lililomleta, bila kuwa amenuna. „Wie geht es Ihnen?“, swali la hali, si nyongeza ya kila salamu. Ukimuuliza mkazi, atakueleza goti, tumbo na usingizi kwa utaratibu, kwa hiyo nililiuliza nilipokuwa na nafasi ya kukaa kitini na kusikiliza. Asiyefahamiana nawe, kama karani wa ofisi, ukimuuliza hivyo atashangaa kidogo.

Katika kuagana mipaka imelegea zaidi. Auf Wiedersehen ndiyo rasmi, na kwenye simu huwa Auf Wiederhören, lakini Tschüss siku hizi husemwa hata na watu wanaoitana Sie, dukani na kwa daktari. Gute Nacht peke yake ndiyo isiyochezewa: haitumiki kumsalimu mtu unapokutana naye usiku, bali huambiwa anayekwenda kulala. Ninapoingia zamu ya usiku nasema Guten Abend, na ninapozima taa ya chumba ndipo nasema „Gute Nacht, Frau Schneider, schlafen Sie gut“, yaani alale vizuri.