Nilivyoandika barua ya kuomba kinga ya masikio kwenye kinu cha pamba

Kinu chetu kipo Igunga, mkoani Tabora, na wengi tulikuwa tukijichomekea pamba masikioni. Pamba kavu haizuii kelele za kutosha, kwa hiyo barua ilibidi itaje kifaa chenyewe.

Niliiandika kwa Meneja, ikipitia kwa msimamizi wa zamu, na sehemu yake kubwa ilisomeka hivi:

"Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wa mashine za kuchambua pamba hatusikilizani hata tukisimama umbali wa mkono mmoja bila kupiga kelele. Hiyo ni dalili kwamba sauti imefika desibeli 85 au zaidi, kiwango ambacho sikio lisilo na kinga halipaswi kukaa nacho zaidi ya saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo unapungua nusu: kwenye 94 inabaki saa moja tu. Tunaomba kelele zipimwe kwa kifaa rasmi, kila mmoja apewe vizibo vya sponji, na usikivu wetu upimwe kabla msimu haujaanza, kisha kila mwaka."

Niliomba vizibo vya sponji badala ya vile vya kufunika sikio zima kwa sababu tunavaa miwani ya vumbi. Mkono wa miwani huinua mto wa kifuniko, kelele zikapenya pembeni. Lakini sponji nayo ina masharti: uiviringishe kwa vidole safi mpaka iwe nyembamba, uvute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, uiingize, kisha uishikilie kama sekunde 30 ijitanue. Ikibaki imechomoza sana, haijakaa. Ikishika grisi, itupwe. Ndiyo maana niliomba boksi liwekwe mlangoni, lisifungiwe stoo.

Kuivua kidogo tu kunagharimu. Penye desibeli 94, nusu saa bila kinga inamaliza nusu ya kiwango cha siku nzima.

Kuhusu vipimo, nilieleza vifanyike asubuhi, baada ya angalau saa 14 nje ya kelele. Ukipimwa ukitoka zamu, sikio lililochoka huonekana bovu kuliko lilivyo, na kipimo cha mwanzo kikikosewa hakuna cha kulinganisha nacho mwakani. Uharibifu wa kelele kwa kawaida huanzia karibu na hezi 4,000, wakati mazungumzo ya kawaida bado unayasikia vizuri. Kumpima mtu kwa kumnong'oneza kwa nyuma, kwa hiyo, hakutoshi. Niliomba pia kila mfanyakazi apewe nakala ya majibu yake.

Mwishoni niliitaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, kwa sentensi moja, bila vitisho. Nakala moja niliigongesha muhuri wa kupokelewa nikabaki nayo. Vizibo vilikuja kwanza. Tarehe ya vipimo niliifuatilia kwa barua ya pili, nikiambatanisha nakala hiyo yenye muhuri.